Barua ya kwanza kwa mwenzako wa kubadilishana lugha: mfano wa Kihispania rahisi na makosa ya kuepuka

Umepata mtu anayezungumza Kihispania na anataka kujifunza Kiswahili. Wewe unataka kujifunza Kihispania. Mmekubaliana kwamba kila mmoja atamwandikia mwenzake na kumsahihisha. Ameshakutumia neno moja tu, «Hola», na sasa anasubiri barua yako. Makala hii inakupa barua fupi unayoweza kuigeuza iwe yako, kisha inaeleza mahali ambapo sisi tunaozungumza Kiswahili hukosea, na kwa nini.

Kihispania si lugha ya mbali sana na eneo letu kama inavyodhaniwa. Ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, hapa hapa Afrika. Wakimbizi wa Sahara Magharibi, walioko kambini karibu na Tinduf nchini Aljeria tangu mwaka 1975, wengi wao wanakijua. Katika miaka ya 1980 mamia ya watoto wa Sudan Kusini walipelekwa Kuba kusoma, na baadhi yao walirudi watu wazima wakiongea Kihispania. Kama unaishi Rhino Camp au Imvepi, waulize wazee wa Sudan Kusini kuhusu watoto hao wa Kuba. Huenda jirani yako ana ndugu aliyekuwa mmoja wao.

Barua yenyewe

Mwandishi wa mfano wetu ni msichana kutoka Kongo, anaishi Mvara mjini Arua, na kazi yake ni ushonaji. Jina Neema na jina Rosa tumeyaweka kwa ajili ya mfano tu.

Arua, 4 de agosto

Querida Rosa:

¡Hola! ¿Qué tal? Me llamo Neema y tengo 24 años. Soy congoleña, pero vivo en Uganda desde 2018. Mi casa está en Mvara, un barrio de la ciudad de Arua.

Hablo suajili y francés, y un poco de lugbara. Estudio español desde marzo. Escribo despacio y cometo errores. Corrígeme, por favor.

Vivo con mi madre y mis dos hermanos pequeños. Soy costurera: hago vestidos y uniformes. Por la tarde estoy cansada, pero estudio un poco.

Me gusta cocinar y me gustan los mangos. Aquí hay muchos.

¿Y tú? ¿Dónde vives? ¿Por qué estudias suajili? ¿Qué te gusta hacer?

Una frase para ti: «Habari yako?». En español: «¿Cómo estás?».

Un saludo,
Neema

Kwa Kiswahili barua hiyo inasema hivi: Arua, tarehe 4 Agosti. Mpendwa Rosa, habari? Mambo vipi? Ninaitwa Neema na nina miaka 24. Mimi ni Mkongo, lakini ninaishi Uganda tangu 2018. Nyumba yetu iko Mvara, mtaa wa mji wa Arua. Ninaongea Kiswahili na Kifaransa, na Kilugbara kidogo. Ninajifunza Kihispania tangu Machi. Ninaandika polepole na ninafanya makosa. Nisahihishe, tafadhali. Ninaishi na mama yangu na wadogo zangu wawili. Mimi ni fundi wa kushona: ninashona magauni na sare. Jioni huwa nimechoka, lakini ninasoma kidogo. Ninapenda kupika na ninapenda maembe. Hapa yapo mengi. Na wewe je? Unaishi wapi? Kwa nini unajifunza Kiswahili? Unapenda kufanya nini? Sentensi moja kwa ajili yako: «Habari yako?». Kwa Kihispania: «¿Cómo estás?». Wasalaam, Neema.

Ni barua fupi, na inafaa iwe fupi. Mwenzako naye ana kazi ya kukusahihisha, na barua ya kurasa tatu itamfanya aiweke kando hadi kesho, kisha hadi wiki ijayo. Tena barua inaisha kwa maswali manne rahisi. Hayo ndiyo yanayomfanya ajibu, maana ameshapewa la kusema.

Mambo ambayo Kiswahili kimeshakufundisha

Watu wengi wa hapa hujifunza Kihispania kwa kupitia Kiingereza, kwa sababu vitabu na programu nyingi za simu zimeandikwa hivyo. Matokeo yake wanabeba makosa ya Waingereza ambayo Mswahili hana sababu ya kuyafanya. Angalia umri. Kihispania husema «tengo 24 años», yaani «nina miaka 24», neno kwa neno kama sisi. Njaa ni «tengo hambre», nina njaa. Kiu ni «tengo sed», nina kiu. Anayepitia Kiingereza huandika «soy 24», na hiyo si sahihi. Wewe fikiri kwa Kiswahili uandike.

Hata jina linafuata njia yetu: «me llamo Neema» ni «ninaitwa Neema». Vilevile mtendaji yumo ndani ya kitenzi. Sisi tunasema «ninaishi», hatuna haja ya «mimi ninaishi» kila mara. Wao wanasema «vivo», bila «yo». Barua iliyojaa «yo, yo, yo» inasomeka kama mtu anayejipiga kifua. Liweke «yo» pale tu unapotofautisha: yeye hivi, mimi vile.

Kazi nayo ni hivyo hivyo. Tunasema «mimi ni fundi wa kushona», wao «soy costurera», bila neno lolote katikati. Kuandika «soy una costurera» ni kuleta Kiingereza.

Na kuhusu muda mliokaa hapa, kitenzi kinabaki katika wakati uliopo, kama kwetu: ninaishi Uganda tangu 2018, «vivo en Uganda desde 2018». Ukitaka kutaja urefu wa muda, ni «desde hace»: «vivo aquí desde hace cinco años», ninaishi hapa kwa miaka mitano sasa.

Soy au estoy: hapa ndipo wengi huanguka

Kihispania kina vitenzi viwili kwa kazi ambayo Kiingereza na Kifaransa hufanya kwa kimoja. Kuna «soy» na kuna «estoy». Kila anayejifunza hulalamika juu ya jambo hili. Mswahili ana njia ya mkato, ila kuna tahadhari kwa wanaotoka Kongo, nitaieleza.

Anza na Kiswahili sanifu. Pale unaposema «ni», mara nyingi utaandika «soy» na ndugu zake: mimi ni Mkongo, «soy congoleña», yeye ni mwalimu, «es profesor». Pale unaposema «-ko», «-po» au «-mo» kwa mahali, utaandika «estoy» na ndugu zake: niko Arua, «estoy en Arua», nyumba yangu iko Mvara, «mi casa está en Mvara».

Kisha kuna hali ambazo sisi huzieleza kwa «-me-»: nimechoka, nimefurahi, mlango umefungwa, duka limefunguliwa, nimeolewa. Zote hizi kwa Kihispania huenda kwenye «estar»: «estoy cansada», «estoy contenta», «la puerta está cerrada», «la tienda está abierta», «estoy casada». Hata amefariki ni «está muerto», ingawa kwa barua ya kwanza natumaini hutaihitaji. Kanuni hii ya «-me-» sijaiona katika vitabu vinavyouzwa hapa, kwa sababu vimeandikwa kwa watu ambao lugha yao haina «-me-». Lakini inafanya kazi vizuri kwa hali za namna hiyo. Isitumike kwa matendo ya kawaida: «nimekuja» si «estoy» kitu chochote.

Sasa tahadhari. Kiswahili cha Bunia, Goma au Bukavu husema «niko mwalimu», «eko muzuri», «iko kitabu yangu». Ukitumia Kiswahili hicho kama kipimo, utaandika «estoy profesor», na mwenzako atashangaa. Kabla ya kuandika, igeuze sentensi iwe Kiswahili cha darasani: je, ningesema «mimi ni» au «mimi niko»? Jibu hilo ndilo linakupa kitenzi.

Njia hii ina mipaka miwili unayopaswa kuijua. Ugonjwa: tunasema «mama ni mgonjwa», lakini Kihispania ni «mi madre está enferma», kwa kuwa ugonjwa ni hali inayopita. Na sherehe: tunasema «harusi iko kanisani», lakini tukio hutumia kitenzi kingine, «la boda es en la iglesia». Jengo la kanisa lenyewe liko mahali fulani, «está». Harusi inafanyika, «es».

«Ninapenda» haipo

Ukitafuta neno moja la kubadilisha «ninapenda» utaandika «yo gusto mangos», na hilo ndilo kosa linaloonekana sana katika barua za kwanza. Kihispania hakisemi mimi ninapenda embe. Kinasema embe linanipendeza. Sisi tunayo sentensi hiyo tayari, ila hatuitumii mara nyingi.

Kupika kunanipendeza: «me gusta cocinar». Maembe yananipendeza: «me gustan los mangos». Umeona kwamba kitenzi kimebadilika kwa sababu maembe ni mengi? Mtendaji ni maembe, si wewe. Wewe ni ile «-ni-» ndogo katikati ya «yananipendeza», na kwa Kihispania «-ni-» hiyo ni «me». Ukitaka kumuuliza mwenzako, «-ku-» ni «te»: «¿te gusta cocinar?», kupika kunakupendeza?

Hapa kuna jambo la kuchunga zaidi ya sarufi. Katika Kiswahili cha urafiki na cha kanisani tunaweza kumwandikia mtu «ninakupenda» bila maana ya mapenzi. Kwa Kihispania, «me gustas» maana yake ni kwamba unanivutia kimapenzi. «Te quiero» husemwa kwa mpenzi, kwa mtoto, kwa rafiki wa miaka mingi. Kumwandikia hivyo mtu usiyemjua kunaweza kumfanya anyamaze kabisa, na wewe hutajua ulikosea wapi. Kama barua yake imekufurahisha, sema «me gusta tu carta», barua yako inanipendeza. Tofauti ni ile «s» moja tu na kitu unachokitaja.

Wanaojua Kifaransa wana mtego wao hapa. «J'aime les mangues» huwafanya waandike «amo los mangos». Ni sentensi inayoeleweka, ila ina mapenzi mazito kuliko embe linavyostahili.

Mifuatano ya maneno na «el» na «la»

Kihispania hugawanya majina katika makundi mawili, ya kike na ya kiume, na kila kitu kinachofuata jina kinapaswa kukubaliana nalo. Kwa mtu wa ngeli hili si geni. Tunasema «wadogo zangu wawili», na kila neno limevaa vazi la jina. «Mis dos hermanos pequeños» ni hivyo hivyo: jina lina «s», «mis» ina «s», «pequeños» ina «s». Ni namba «dos» tu isiyobadilika. Tena kivumishi mara nyingi hukaa nyuma ya jina, kama kwetu.

Kinachotusumbua ni mambo mawili. La kwanza, mtu wa kike na wa kiume hubadilisha maneno kuhusu nafsi yake mwenyewe. Neema ameandika «congoleña» na «cansada». Kama wewe ni mwanamume, andika «congoleño» na «cansado». Mganda ni «ugandesa» kwa mwanamke na «ugandés» kwa mwanamume. Msudani Kusini ni «sursudanesa» au «sursudanés». Mwanzo wa barua pia hubadilika kufuatana na anayeandikiwa: «Querida Rosa» kwa mwanamke, «Querido Pablo» kwa mwanamume. Usinakili barua ya mwenzako wa darasani bila kuangalia hili. Unaweza kujikuta mwanamume mwenye ndevu ukijiita «cansada».

La pili, Kiswahili hakina «el» na «la», kwa hiyo tunazisahau. «Me gustan mangos» ni kosa. Ni «me gustan los mangos». Na kwa kuwa tumezoea kwamba jina linaloishia na «a» ni la kike, tunaandika «la problema» na «la idioma». Zote mbili ni za kiume: «el problema», «el idioma». Siku pia ni «el día». Mkono, ambao unaishia na «o», ni wa kike: «la mano». Haya manne yatakutosha kwa mwezi wa kwanza.

Neno «hermanos» lieleweke vizuri. Ni ndugu wa tumbo moja, au wa baba mmoja au mama mmoja. Mtoto wa baba mdogo, ambaye sisi tunamwita ndugu bila kufikiri, kwao ni «primo» au «prima». Mama mdogo ni «tía». Ukiandika «mi madre pequeña» mwenzako ataelewa kwamba mama yako ni mfupi.

Herufi ndogo zinazoleta aibu kubwa

Sasa rudi kwenye umri. «Años» ni miaka. Ukiacha kile kialama juu ya «n», unapata «anos», na «ano» ni sehemu ya mwili ambayo haitajwi katika barua ya kwanza. Mwenzako ataelewa, pengine atacheka, lakini wewe utaona haya utakapojua. Kwenye simu nyingi unashikilia kidole juu ya herufi «n» kwa sekunde moja, na «ñ» inajitokeza. Inasomwa kama «ny» yetu ya «nyumba». Herufi zenye alama ya mkazo, «á, é, í, ó, ú», unazipata kwa njia hiyo hiyo. Alama za «¿» na «¡» utazipata kwa kushikilia alama ya kuuliza na ya mshangao. Swali la Kihispania hufunguliwa na kufungwa, kama mlango.

Alama ya mkazo hubadilisha maana. «Tú» ni wewe. «Tu» ni yako. «¿Por qué?» kwa maneno mawili na alama ni kwa nini, «porque» kwa neno moja ni kwa sababu. Swali moja, jibu lingine, na watu huyachanganya kila siku.

Kwa wale ambao katika lugha zao za nyumbani «r» na «l» hubadilishana nafasi, andika polepole: ni «hablo», si «habro». Na «pero» ina «r» moja. Ukiandika «soy congoleña, perro vivo en Uganda», umesema wewe ni Mkongo, mbwa unaishi Uganda.

Tofauti na Kiswahili, Kihispania huandika majina ya lugha, ya siku, ya miezi na ya uraia kwa herufi ndogo: «suajili», «lunes», «agosto», «congoleña». Na baada ya «Querida Rosa» huwekwa nukta mbili, si koma.

Kuna maneno mawili ambayo hufanana na maneno mengine na kuleta balaa. Anayejua Kifaransa au Kiingereza akiona haya huandika «estoy embarazada», akidhani anasema ameona aibu. Amesema ana mimba. Sema «tengo vergüenza», nina aibu. Na wakati wa kiangazi, jua la Arua likiwaka, usiandike «estoy caliente», ambayo mtu huielewa kwa maana ya tamaa ya mwili. Andika «tengo calor», au «hace calor» kwa hali ya hewa.

Heshima: tú au usted

Barua yetu inatumia «tú» kwa sababu Rosa ni kijana wa rika la Neema na alianza yeye kwa «Hola». Kama mwenzako ni mtu mzima wa umri wa wazazi wako, au mwalimu, au mtawa, tumia «usted». Kitenzi hubadilika na kuwa kama unamzungumzia mtu wa tatu: «¿Dónde vive usted?», «¿Por qué estudia suajili?», «Corríjame, por favor». Kihispania hakina neno la «shikamoo», na hakuna haja ya kulitafuta. «Usted» ndiyo inayobeba heshima hiyo.

Nchi hazifanani. Hispania watu huhamia «tú» upesi sana. Kolombia utakuta hata marafiki na ndugu wakiitana «usted». Usipokuwa na hakika, anza na «usted» na uangalie jibu. Akikujibu kwa «tú», nawe hamia huko.

Salamu zetu ndefu za barua, natumaini u mzima wa afya kama mimi nilivyo huku, zinaweza kuingia kwa sentensi moja: «Espero que estés bien». Ni «estés», si «estás». Sababu yake ni somo la baadaye. Kwa sasa ikariri nzima. Kwa «usted» ni «espero que esté bien».

Nini kiwemo na nini kisiwemo

Neema ametaja Mvara. Ni mtaa mkubwa, wenye kanisa kuu la Emmanuel na shule ya sekondari, na jina hilo peke yake halimfikishi mtu mlangoni. Lakini hakutaja yuko upande gani wa mtaa wala anashonea wapi. Anayeishi makazini, Lobule au Rhino Camp, afadhali asitaje eneo na kijiji chake katika barua ya kwanza. «Vivo en el norte de Uganda» inatosha. Namba ya usajili, picha ya kitambulisho au ya karatasi ya familia havina kazi yoyote katika kujifunza lugha. Anayeviomba, au anayedai ada ya kujiandikisha ili muendelee kuandikiana, si mwenzako wa lugha. Acha kumjibu.

Neema pia hakuandika «soy refugiada», mimi ni mkimbizi. Si kwamba ni neno baya. Ni uamuzi wako. Wengine wanataka kujulikana kwanza kama mshonaji au mwanafunzi. Wengine wanataka liwe wazi tangu mwanzo. Ukitaka kuliandika, ni «refugiada» kwa mwanamke, «refugiado» kwa mwanamume, na ni «soy», si «estoy». Kama ulikimbia jambo ambalo bado linakutafuta, hata nchi yako unaweza kuiacha. Andika «soy de África» uendelee.

Ombi la fedha lisiwemo. Nalisema bila kuzunguka kwa sababu najua hali ilivyo baada ya mgao wa chakula kupunguzwa. Lakini barua ya kwanza yenye ombi huvunja makubaliano mliyofanya: mwenzako alikuja kwa lugha, na wewe unayo lugha anayoitaka. Hapo mko sawa kwa sawa.

Mfano wa kusahihisha

Hii hapa ni aya ya namna ambayo mtu huandika mara ya kwanza, kwa kupitia lugha nyingine mbili. Isome kabla ya kuangalia chini.

Yo soy Neema y yo soy 24 anos. Yo estoy una costurera. Yo gusto mangos. Yo hago muchos errores.

Sentensi ya kwanza haina kosa la kueleweka, ila «me llamo Neema» ni ya kawaida zaidi. Umri una makosa mawili: «soy» badala ya «tengo», na «anos». Katika kazi, «estoy» inatoka kwenye «niko» ya Kongo na «una» inatoka kwenye Kiingereza, kwa hiyo vyote viwili vinaondoka: «soy costurera». Maembe unayajua tayari. Sentensi ya mwisho inaeleweka, lakini Wahispania huona «cometo errores» ni nzuri zaidi. «Hago» hapa ni Kifaransa kimevaa nguo za Kihispania. Mwisho futa «yo» zote tano.

Rosa akijibu kwa Kiswahili, nawe utamsahihisha. Tegemea akosee ngeli: ataandika «kitabu yangu» na «watu mingi». Usimrudishie barua iliyojaa wino mwekundu. Chagua makosa matatu, yale yanayojirudia, na kwa kila moja mwandikie sentensi nzima iliyo sahihi ili ainakili. Mwombe naye akufanyie hivyo: «Corrige tres errores, por favor». Kisha katika barua ya pili tumia tena sentensi tatu alizosahihisha, hata kama ni juu ya jambo lingine. Ukizikosea tena, atajua pa kuanzia.